Sakafu ya Chumba cha Tatu: nilivyomwandikia Mzee imeili ya kuomba uamuzi

Bosi anayejibu imeili ya matairi ya gari ndani ya saa moja, kisha akakaa na imeili ya mradi zaidi ya wiki bila neno, hajakosa muda. Kuna kitu ndani ya ile imeili ya pili kinachomzuia kujibu. Hapo ndipo nilipoanzia nilipokabidhiwa suala la sakafu ya chumba cha tatu. Nalisimulia kwa urefu kwa sababu nawaona waratibu wenzangu wa miradi hapa Uganda wakisumbuka na jambo hilohilo: kazi imesimama, mkandarasi anapiga simu asubuhi na jioni, na mwenye kauli ya mwisho yuko kimya.

Kampuni ni ya familia yenye asili ya Mwanza, na biashara yake ni sangara. Tulikuwa tunajenga ghala la baridi nje kidogo ya Entebbe, vyumba vitatu vikubwa vilivyopangwa kwa mstari, kila kimoja na mlango wake wa kupakilia. Kule saiti vibarua wengi ni Waganda, injinia anatoka Kenya, na mikataba yote imeandikwa kwa Kiingereza, lakini ofisini na kwenye imeili za ndani tunatumia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya Mzee. Mzee ni Mkurugenzi Mkuu. Wiki moja yuko Mwanza, nyingine Kampala, nyingine Dubai, na karibu kila kitu anakisoma kwenye simu.

Vyumba viwili vya kwanza havikuwa na mjadala. Ni vya samaki wabichi, minofu inayokaa kwenye baridi iliyo juu kidogo ya sifuri kwa muda mfupi kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege. Chumba cha tatu ndicho kilichokuwa na maswali mawili ndani yake. Kinaweza kuwa kama wenzake, au kikawa friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ya samaki walioganda wanaosafirishwa kwa kontena la baridi kupitia Malaba hadi bandari ya Mombasa. Hizo ni biashara mbili tofauti. Samaki mbichi anabebwa na ndege, anauzwa kwa bei nzuri, na hana subira. Aliyeganda anaenda kwa barabara na meli, anaweza kusubiri ghalani wiki kadhaa, lakini ana wanunuzi wake na mashine zake, na umeme wake ni mwingi zaidi.

Sasa, mtu asiyejenga maghala anaweza kudhani tofauti ya friza na chumba cha kawaida iko kwenye mashine. Iko kwenye sakafu pia, na sakafu ndiyo inayotangulia. Friza ikikaa miezi na miaka chini ya sifuri, baridi inapenya kidogo kidogo kwenda chini mpaka udongo wenyewe unaanza kuganda. Maji yaliyo kwenye udongo yakiganda yanafanya matabaka ya barafu, barafu inavuta maji mengine kutoka chini na kuzidi kunenepa, na sakafu inanyanyuka. Dalili ya kwanza kwa kawaida si ufa. Unaona mlango umeanza kukwama, au forklifti inayumba mahali ambapo mwaka jana palikuwa bapa. Kwa hiyo sakafu ya friza inachimbwa chini zaidi, inatandikwa mabamba mazito ya povu gumu, inawekwa nailoni ya kuzuia unyevu, na chini ya mabamba hayo zinapita nyaya za kupasha joto ili udongo usifike kwenye kuganda. Juu ya vyote ndiyo unamwaga zege. Zege likishakauka huwezi kurudi chini yake bila kuvunja.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Chumba cha kwanza na cha pili vilikuwa tayari kwa zege, nondo zimefungwa, nailoni imetandikwa. Cha tatu kilikuwa shimo lenye kingo za udongo mwekundu na kamba za fundi zilizokazwa kutoka kona hadi kona, na msimamizi wa saiti alikuwa ameweka alama mbili ukutani kwa chaki: moja ya kina cha kawaida, nyingine chini yake kwa sentimita 30. Kila asubuhi aliniuliza achimbe mpaka alama ipi. Ilikuwa nusu ya pili ya Februari. Sehemu hii ya nchi, kando ya ziwa, mvua kubwa zinaanza Machi na kuendelea hadi Mei, na shimo la udongo wa aina ile likishajaa maji hulikaushi kwa siku moja.

Injinia alikuwa ameshamwandikia Mzee kabla yangu. Imeili yake ilikuwa ya haki kabisa kiufundi. Kichwa kilisema "Taarifa ya maendeleo ya ujenzi", ikaanza na yaliyofanyika tangu Januari, ikaeleza tofauti za vyumba vya baridi, ikaambatanishwa ripoti yenye michoro na majedwali, na mwishoni kabisa, aya ya pili kutoka chini, ikasema "tungependa kupata mwongozo wako kuhusu matumizi ya Chumba 3". Jibu halikuja. Akakumbusha. Halikuja.

Kabla sijaandika chochote nilimpigia simu katibu muhtasi wa Mzee kule Mwanza. Simu hii naiona ni nusu ya kazi nzima, na wengi wanairuka kwa kuogopa kuonekana wanamchunguza bosi. Sikumwuliza kama Mzee ameiona imeili, kwa sababu jibu la swali hilo halinisaidii. Nilimwuliza, "Dada, ile imeili ya Injinia, Mzee aliifanyia nini?" Akaniambia aliisoma siku ileile, akaiwekea nyota, kisha akaituma kwa kijana anayeshughulikia wanunuzi akimwuliza kama oda za samaki walioganda zitakuwepo mwakani. Kijana naye alikuwa anasubiri wanunuzi wajibu.

Mambo yote yakawa wazi. Injinia aliuliza juu ya "matumizi ya Chumba 3", na Mzee akalichukua swali kama lilivyoandikwa. Ili kujibu matumizi ya chumba alihitaji kujua wanunuzi, bei ya mwakani, mkopo wa mashine, gharama ya umeme. Ni uamuzi wa miezi, na alikuwa anaufanyia kazi kama mfanyabiashara makini anavyopaswa. Sisi kule saiti hatukuhitaji uamuzi huo. Tulihitaji kujua kina cha shimo.

Tangu siku hiyo, nikitaka uamuzi kutoka juu, jambo la kwanza ninalofanya ni kutenganisha uamuzi unaozuia kazi leo na uamuzi mkubwa ulioubeba. Mara nyingi vimefungwa pamoja bila mtu kukusudia, na bosi anakwama kwenye ule mkubwa huku mdogo ukiwa na majibu mawili tu. Katika suala letu kulikuwa na bahati nyingine ndani yake: sakafu ya friza inaweza kutumika kwa samaki wabichi bila tatizo lolote, lakini sakafu ya kawaida haiwezi kubeba friza. Yaani chaguo moja linaacha mlango wazi na jingine linaufunga. Mzee akiambiwa hivyo, hahitaji kumsubiri mnunuzi yeyote. Anahitaji tu kujua kuacha mlango wazi kunagharimu kiasi gani.

Kiasi hicho nilikitafuta kabla ya kuandika, na nikahakikisha kimekubaliwa na watu wawili. Injinia alinipa nyongeza ya sakafu ya friza kwa chumba chetu: shilingi za Uganda milioni 45, mabamba, nyaya na uchimbaji vyote ndani. Alinipa pia makadirio ya kuvunja na kujenga upya siku za mbele, milioni 160, na chumba kufungwa kama miezi miwili. Nikaenda kwa Mhasibu Mkuu nikiwa na namba hizo mkononi. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba milioni 45 zinaingia kwenye fungu la dharura la mradi, kwa hiyo hakuna haja ya kurudi benki. Nilimwomba ruhusa ya kuandika kwamba amethibitisha, na nikamsomea sentensi yenyewe kwenye simu. Bosi akiona namba ambayo mhasibu wake hajaijua, ataituma kwa mhasibu, na hapo siku mbili zimekwenda.

Kisha tarehe. Nilikaa na msimamizi tukahesabu kurudi nyuma kutoka kwenye kitu kisichosogea. Pampu ya zege ilikuwa imekodiwa kwa Jumatatu tarehe 3 Machi. Kushuka zile sentimita 30, kushindilia na kutandika kunahitaji Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nzima. Mabamba yako kwa muuzaji Kampala, na lori lazima likayachukue Ijumaa asubuhi mapema. Kwa hiyo jibu lisipofika Alhamisi tarehe 27 Februari jioni, Jumatatu haipo tena. Tarehe hiyo naweza kuitetea mbele ya yeyote. "Haraka iwezekanavyo" siwezi kuitetea, na Mzee amesoma maneno hayo mara nyingi mno kwenye imeili ambazo hazikuwa na haraka yoyote.

Hii ndiyo imeili niliyoituma, kama ilivyokuwa:

Kwa: Mkurugenzi Mkuu
Nakala: Mhasibu Mkuu, Injinia wa mradi
Kichwa: UAMUZI: sakafu ya Chumba 3, mwisho Alhamisi 27/2

Shikamoo Mzee,

Naomba uamuzi wako juu ya sakafu ya Chumba 3 peke yake, kabla ya Alhamisi tarehe 27 saa 10 jioni. Zege linamwagwa Jumatatu, na baada ya hapo sakafu haibadiliki bila kuvunjwa.

A. Sakafu ya friza. Inaongeza shilingi milioni 45. Chumba kitaweza kuwa friza au cha samaki wabichi, utakavyoamua baadaye.

B. Sakafu ya kawaida. Haina nyongeza. Chumba kitakuwa cha samaki wabichi tu. Kukigeuza friza baadaye kunakadiriwa milioni 160 na kukifunga kama miezi miwili.

Napendekeza A. Mhasibu Mkuu amethibitisha kuwa milioni 45 zipo kwenye fungu la dharura la mradi.

Kuchagua A hakukulazimu kununua mashine za friza wala kuzungumza na benki sasa. Matumizi ya chumba yanaweza kuamuliwa hadi mwezi wa Juni bila kuchelewesha ujenzi.

Nisipopata jibu kufikia muda huo, Jumatatu tutamwaga zege Chumba 1 na 2 tu, na Chumba 3 kitasubiri. Kuileta pampu mara ya pili ni milioni 6, na mvua zikitangulia shimo litajaa maji.

Jibu la "A" au "B" linatosha. Nipo kwenye simu muda wote.

Nitaeleza sehemu chache ambazo watu huniuliza.

Kuhusu salamu, Mzee ni mtu wa kusalimiwa, na mimi ni wa umri wa wanawe. Shikamoo ipo na lazima iwepo. Lakini sikuongeza aya ya kumtakia afya njema, safari njema na heri kwa familia, kwa sababu akifungua simu akiwa foleni ya uwanja wa ndege anaona mistari mitano au sita tu, na mistari hiyo nilitaka iwe na swali. Zile heri nilimpa kwa mdomo tulipoonana. Kwa mkubwa mwenye shughuli nyingi, kumfikishia jambo bila kumzungusha ni heshima kubwa sana, na sijawahi kumwona mzee yeyote aliyelichukulia vibaya mradi shikamoo imetangulia.

Watu wawili tu walipata nakala, na namba zilizo ndani ya barua zimetoka kwao. Mkandarasi aliniomba nimuweke na yeye, ili Mzee "aone kuwa tunasubiri". Nilikataa. Mkubwa akiona mtu wa nje amewekwa kwenye nakala anajua kwamba anashinikizwa, na ataanza kuandika kwa tahadhari au ataacha kuandika kabisa. Ripoti ya Injinia sikuiambatanisha tena. Ilikuwa tayari kwenye kisanduku chake, na kiambatisho ni mwaliko wa kusema "nitaisoma nikitulia".

Sentensi niliyoifikiria kuliko zote ni ile ya "nisipopata jibu". Wapo wanaofundisha kwamba umwambie bosi, "Usipojibu hadi Alhamisi, nitaendelea na A." Inafanya kazi vizuri pale jambo liko ndani ya mamlaka yako na linarudishika, kwa mfano rangi ya milango au saa za zamu. Hapa haikufaa. Kikomo changu cha kuidhinisha fedha kilikuwa milioni 10, na A ni milioni 45. Kama ningeandika kwamba ukimya wake ni ridhaa ya milioni 45, ningekuwa nimejitwalia mamlaka nisiyopewa, na siku mkaguzi akiuliza nani aliidhinisha, ningeonyesha nini? Kuendelea na B nako kusingefaa ingawa hakuna fedha ya ziada, kwa maana B ndiyo isiyorudishika. Kwa hiyo nilimwambia kitu ambacho nina uwezo wa kukifanya na ambacho hakimfungi: kukiacha chumba cha tatu wazi. Kina gharama, milioni 6 na hatari ya mvua, na nimeziandika bila kuzikuza. Mtu anayesoma anaona kwamba ukimya wake nao ni chaguo lenye bei, na kwamba sikumwekea mtego.

Tulikuwa na jambo jingine la gharama ambalo sikuliandika: vibarua na mitambo iliyokaa bure ilikuwa inakula karibu milioni mbili kila siku. Injinia aliona ni hoja nzito na alishangaa nilipoiacha. Lakini fedha hizo zilikuwa zimeshatumika au zingetumika vyovyote hadi Jumatatu, hazikubadilisha uzito wa A wala B. Kuzitaja kungekuwa kumwambia Mzee kwamba amechelewa, na analijua hilo.

Niliituma Jumanne alfajiri. Katibu alishaniambia kwamba Mzee anasoma simu baada ya swala, kabla siku haijaanza kumvuta, na kwamba mchana wa siku hiyo anapanda ndege kwenda Dubai. Imeili iliyotumwa saa tano asubuhi ingekuta nyingine arobaini juu yake.

Jumanne ikapita kimya. Jumatano mchana nikakumbusha, na hapa nina msimamo: kumbusho lisilo na habari mpya ni kelele. Nilijibu ndani ya mfululizo uleule wa imeili, ili maelezo yote yabaki chini yake, nikaandika: "Shikamoo Mzee. Muuzaji wa mabamba amekubali kututunzia mzigo hadi kesho jioni. Baada ya hapo anampa mteja mwingine. Sakafu ya Chumba 3: A au B?" Hakuna "nakumbushia imeili yangu ya hapo chini", hakuna "samahani kwa usumbufu". Kisha nikamtumia katibu ujumbe wa WhatsApp, si wenye maelezo yote bali mstari mmoja wa kumwambia kuna imeili ya A au B inayohitaji jibu kabla ya kesho saa kumi, atafute nafasi ya kumtajia kwa mdomo. Sikumwandikia Mzee mwenyewe WhatsApp. Uamuzi wa fedha nautaka mahali panapotunza kumbukumbu, na ukishaanza kuuomba huku na kule, jibu litakuja mahali usipoliona.

Jibu likaja Jumatano usiku, na lilikuwa swali: "Hizo nyaya za kupasha joto, tukiweka samaki wabichi zitakuwa zinakula umeme bure?"

Nilifurahi kuliona. Mkubwa anapouliza swali dogo na la hakika namna hiyo, ameshaliacha lile kubwa na yuko karibu kuamua. Kosa ambalo lingeweza kutokea hapo ni kumpa somo la umeme. Nilimpigia Injinia ili nisiandike kitu nisichokijua, na nikajibu kwa mistari miwili: "Hapana Mzee. Nyaya zinawashwa pale tu chumba kinapoendeshwa chini ya sifuri. Zikizimwa hazili umeme. Zinapita ndani ya mabomba, hivyo waya ukiharibika unavutwa na kubadilishwa bila kuvunja sakafu." Ile sehemu ya mabomba hakuiuliza, lakini ndilo swali ambalo lingefuata.

Alhamisi, kabla ya saa nne asubuhi, nikapata: "A. Injinia athibitishe kwa maandishi kuhusu mabomba. Endeleeni."

Msimamizi alikuwa amesimama kando ya shimo nilipompigia. Alifuta ile alama ya juu kwa kiganja, akabaki na ya chini, na baada ya chakula cha mchana sururu zilikuwa zimeanza. Lori likaenda Kampala Ijumaa alfajiri. Jumatatu tulimwaga zege vyumba vyote vitatu.

Kuna imeili moja zaidi ambayo watu huiona ya ziada. Jibu la "A" kutoka kwenye simu linaeleweka siku ileile tu. Miezi mitatu baadaye mtu anayefungua mfululizo ule anaweza kubishana A ilikuwa nini, na ilihusu sakafu tu au friza nzima. Kwa hiyo Alhamisi hiyohiyo niliandika, kwa watu walewale watatu: "Asante Mzee. Tumepokea uamuzi wako wa leo: Chumba 3 kijengwe kwa sakafu ya friza, nyongeza isizidi milioni 45, kutoka fungu la dharura. Mashine na matumizi ya chumba hayajaamuliwa. Nitakuletea swali hilo peke yake ifikapo Mei. Uthibitisho wa Injinia kuhusu mabomba umeambatanishwa." Hakuna aliyetakiwa kuijibu.

Njia hii ina mipaka yake, na nimekutana nayo baadaye. Kama uamuzi si wa mkurugenzi peke yake, kwa mfano unahitaji bodi, imeili nzuri kiasi gani haitazaa jibu. Unachoweza kumwomba ni kitu kilicho mikononi mwake, yaani kuliweka suala kwenye ajenda au kuitisha kikao cha dharura. Kama Injinia na mhasibu hawajakubaliana namba, usiandike bado, kwa sababu watabishana mbele yake kwenye nakala. Na kama kuna habari mbaya ambayo hajaisikia, mpigie kwanza. Hakuna mzee anayetaka kukuta kwenye aya ya tatu, akiwa safarini, kwamba ukuta umepasuka.

Mei nilipeleka swali la pili, la mashine na wanunuzi. Hilo lilimchukua Mzee wiki kadhaa, akaitisha watu, akauliza mengi, akabadili mawazo mara moja. Hakuna aliyempigia kelele, kwa sababu mafundi walikuwa wameshaendelea na kuta na paa, na hakuna kazi iliyokuwa inamsubiri.